Bibi, huo mguu haumfati mwenzake

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Ya tatu ilikuwa Alhamisi, bibi kaja na mjukuu wake kutoka upande wa Kengeja, kijana wa miaka 12, anachechemea toka mlangoni, na kabla sijasema hata karibu bibi keshaniwahi: "Dakta, huyu hana ugonjwa, ni utoto tu, akikua mguu utamfata mwenzake." Mie si dakta, ni fizio, hilo nishachoka kulirekebisha. Ila hili la mguu kumfata mwenzake siwezi kuliacha tena.

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa si uongo mtupu. Mtoto wa kati ya miaka 2 na 10 akivunjika paja katikati ya mfupa, ule mfupa wakati unaunga unapata damu nyingi, unachangamka, na unarefuka kuliko wa upande wa pili, mara nyingi kama sentimita 1 hivi, hasa ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Ndio mana ukiona dakta kafunga hogo na vipande vya mfupa vimepandiana kidogo usikimbilie kumwita mzembe, anajua anachongojea. Basi watu wameona watoto wawili watatu wa namna hiyo, mguu ulikuwa mfupi ukaja ukalingana, wakaifanya kanuni ya kila mguu mfupi. Sasa hapo ndio tunapoharibikiwa.

Huyu kijana alianguka mkarafuuni akiwa na miaka 9. Nyumbani wanasema "alivunjika goti". Nikamuuliza alikandwa wapi, bibi akanionesha kwa mkono: juu kidogo ya goti. Nikajua. Mfupa wa paja haurefuki katikati, unarefuka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake, na la chini, hilo la juu ya goti, ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote mguuni. Likipondwa linaweza kuziba likageuka mfupa mtupu, na likishaziba ndio basi. Kwenye eksirei ya goti zima unaona mstari mweusi kama ufa mwembamba unakata mfupa, ndio gegedu lenyewe. Lake upande ulioumia ule ufa haupo, pameupe kote. Ukimkanda kwa mafuta ya nazi misuli italainika na mtoto atalala vizuri, lakini ufa hauwezi kurudi.

Hesabu yake inaweza kufanywa hata na mtoto wa skuli. Gegedu hilo la chini ya paja linaongeza kama milimita 9 kwa mwaka, na kwa mvulana tunakadiria anaacha kurefuka akifika 16, msichana 14. Miaka 3 imepita toka aanguke, 3 mara 9 ni milimita 27. Nilipompima nikapata sentimita 2 na nusu na kitu, yani inalingana na gegedu lililoziba lote. Imebaki miaka 4, tukikaa tunamngojea mwenzake zinaongezeka nyengine 3 na nusu, atamaliza kukua na tofauti ya sentimita 6 na zaidi. Mguu unaongojewa ufike ndio unaachwa kila mwaka.

Kwenye kupima nako watu wanazembea, na mie nimo. Zamani nilipima mtoto kwa tepu ya fundi cherehani, kuanzia kitovuni mpaka tindi ya mguu, nikaandika sentimita 3 nikajiona bingwa. Mwenzangu akampima tena kuanzia kwenye mfupa unaotokeza mbele kiunoni, miguu ikawa sawasawa! Tatizo lilikuwa nyonga imekaza imevutwa ndani, kiuno kimepinda, mguu unaonekana mfupi na wala si mfupi. Mtoto kama huyo ukimtia soli ndefu umemharibu. Siku hizi naanza na vipande vya mbao, vya nusu sentimita na vya sentimita 1. Mtoto anasimama wima magoti yamenyooka, nakaa nyuma yake mikono juu ya kiuno, naongeza kibao chini ya mguu mfupi mpaka mikono yangu ikae sawa, alafu nahesabu vibao. Tepu inakuja baadae kuhakikisha, na hata hivo inaweza kukosea karibu sentimita nzima.

Na jengine: tofauti ya sentimita 1 kwa kawaida haimfanyi mtoto achecheme, watu wengi wanayo na hawajui. Kwa hiyo ukipima ukapata 1 na mtoto anachechemea sana, usiseme umepata jibu, angalia nyonga. Inaweza kuwa imetoka toka kuzaliwa, au ule ugonjwa wa kichwa cha paja kukosa damu unaowapata zaidi wavulana wa umri wa kuanza skuli, na hawa mara nyingi watakwambia goti ndilo linauma. Akichechemea na homa juu, au hataki kabisa kukanyaga, hapo hakuna vibao, ni hospitali siku hiyohiyo, na mwenye selimundu msimsubirishe hata kidogo.

Tukirudi kwa kijana wetu. Kiatu kwanza. Ndani ya kiatu haiingii zaidi ya sentimita 1, ukizidisha kisigino kinatoka nje, inayobaki fundi anaibandika chini ya soli. Yake nimeandika 2, sijaziba yote, kwa sababu kiuno kilichozoea kuinama kikinyanyuliwa ghafla mtoto analalamika. Lakini mwambieni fundi abandike mpaka kwenye vidole, asiinue kisigino peke yake, kama kile kiatu cha kwanza alichokuja nacho, mtoto anatembea kama kavaa kiatu cha harusi. Halafu ukweli ambao vitabu havisemi: mtoto wa Pemba kiatu anavaa skuli tu. Nyumbani anavua, chuoni anavua, msikitini anavua, jioni anacheza mpira pekupeku. Sijui nitibu saa ngapi.

La kweli kwake ni upasuaji, na ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: wanausimamisha usirefuke ule mguu mzima, usioumia. Bibi hapo alitaka kuondoka. Unalikwangua au kulibana gegedu la chini ya paja la upande mzima, tofauti inagandia hapohapo ilipo. Ukiongeza la juu ya muundi, linalotoa kama milimita 6 kwa mwaka, kwa miaka 4 mguu mfupi unarudisha sentimita 2 na kitu, wanakaribia kulingana. Atapungua kimo kidogo, ndio bei yake. Akichelewa mpaka 15 dawa hii imeshapita, kwa sentimita 6 linabaki la kukata mfupa na kuuvuta kwa fremu ya vyuma, milimita 1 kwa siku, na fremu inakaa nusu mwaka au zaidi, matundu yanatoa usaha, goti linakaza. Nimewahi kumfanyisha mazoezi mtoto mwenye fremu, yeye analia na mie karibu.

Wasiwasi ninao. Hiyo milimita 9 ni wastani, na 16 ni ya mfupa, si ya cheti cha kuzaliwa, kuna mtoto wa miaka 12 mwenye mfupa wa miaka 14. Kwa hiyo nimeomba eksirei ya kiganja ili dakta wa mifupa asome umri wa mfupa wenyewe, na ya miguu yote miwili kwa urefu. Pia gegedu likiwa limeziba upande mmoja tu goti linapinda, na hesabu yangu yote inakwenda na maji. Lake naliona limenyooka, ila jicho langu si eksirei.

Bibi kauliza kama barua ya rufaa inaweza kungoja vuno liishe. Nimemwandikia ya Jumatatu.