Kufuta vumbi na kugeuza vyungu: dhana potofu na ukweli

Kiangazi kikishika Lubumbashi, vumbi jekundu huingia hadi sebuleni, na wenye maua ya ndani huanza kazi mbili: kufuta majani na kugeuza vyungu. Zote zina faida, ila si ile inayosemwa.

Dhana: Vumbi huziba matundu ya jani, mmea ukakosa pumzi.

Chukua mpira wa nyumbani, ule wenye majani mapana mazito. Matundu yake ya hewa yako chini ya jani, na vumbi hutua juu. Hasara kubwa ni kivuli: tabaka la vumbi hupunguza mwanga unaolifikia jani. Mmea ulio karibu na dirisha lenye mwanga mwingi hauumii sana, kwa sababu una mwanga wa ziada. Ule wa pembeni mwa chumba ndio unaoumia, maana kidogo unachopata ndicho kinachokatwa.

Futa nusu moja tu ya jani, uache nyingine. Tofauti ya rangi ikionekana wazi, futa yote. Shika jani kwa kiganja kutoka chini, pitisha kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu kuanzia kwenye kikonyo kwenda kwenye ncha, na ukisuuze mara kwa mara, kwani mchanga uliobaki kitambaani hukwaruza jani. Geuza upande wa chini utazame: vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba ni dalili ya utitiri, unaopenda hewa kavu ya miezi hii. Majani yenye manyoya, kama ya violeti ya Kiafrika, usiyafute kwa kitambaa chenye maji. Tumia brashi laini kavu.

Dhana: Maziwa au mafuta hulipa jani nguvu.

Hung'arisha tu. Mafuta hunasa vumbi jipya upesi zaidi.

Dhana: Kugeuza chungu huongeza mwanga.

Hakuongezi. Upande mmoja ukielekea dirishani, mwingine unalipa mgongo. Kinachobadilika ni umbo. Homoni iitwayo oksini hukusanyika upande wa shina wenye kivuli, seli za huko hurefuka zaidi, na shina huinamia mwanga. Robo ya mzunguko kila wiki hulisaidia chipukizi kukua wima. Sehemu iliyokwisha kukomaa na kuwa mti hainyooki tena.

Tuseme mpira wako uko kwenye dirisha la kusini mwezi wa Julai, na majani mapya yanatoka madogo, yakiachana mbali kwenye shina. Huo mmea una njaa ya mwanga, hata ukiugeuza kila siku. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mwishoni mwa Februari hadi Oktoba jua la mchana hupita kaskazini. Uhamishe kwenye dirisha la kaskazini, nyuma ya pazia jepesi kwa wiki mbili za mwanzo ili majani yasiungue, kisha usogeze pazia taratibu.