Ramani inasema 14.4, rula inasema 14: jinsi ya kupanga karatasi ya ramani ya nyumba

Mama mmoja anayejenga Ipuli alikuja chuoni kwetu hapa Tabora na karatasi ya A3 imekunjwa kama barua, akaitandaza mezani akaniambia mwalimu nisaidie, fundi wangu kachimba msingi wa baraza mita 3.5 na aliyenichorea anasema ni 3.6, nani muongo? Nikachukua rula. Chini ya karatasi kumeandikwa skeli 1:100, sasa kwa skeli hiyo milimita moja ya karatasi ni sentimita 10 za uwanjani, kwa hiyo baraza la mita 3.6 linatakiwa lisome milimita 36. Lilisoma 35. Nikapima urefu wa nyumba nzima, namba iliyoandikwa ni 14400 yaani mita 14.4, rula ikasoma milimita 140. Hakuna muongo hapo, karatasi yenyewe imesinyaa.

Fundi kosa lake ni kupima kwa rula, uwanjani unasoma namba hupimi karatasi, lakini ukweli ni kwamba baraza halikuandikwa namba kabisa, sasa angefanyaje? Ndo maana leo naandika kuhusu hii kazi ya mwisho ambayo wachoraji wengi wanaifanya usiku wakiwa wamechoka, yaani kupanga karatasi: fremu, taito bloki yaani ule ukanda wa maelezo ya mchoro, vyupoti na skeli. Natumia otokadi, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa sababu ndo wengi wanayo, na natumia nyumba ya huyu mama kama mfano, mita 14.4 kwa 11.7, kiwanja mita 20 kwa 30.

Kwanza elewa kitu kimoja maana kikikupita hiki vingine vyote vinakuwa kubahatisha. Nyumba unaichora kwenye modeli kwa ukubwa wake halisi, ukuta wa mita 14.4 unauchora 14400 kama yuniti zako ni milimita. Hakuna skeli hapo. Leiauti ndo karatasi, na yenyewe nayo iko saizi yake halisi, A3 ni milimita 420 kwa 297 na wewe unaichukulia hivyohivyo. Vyupoti ni dirisha ulilotoboa kwenye karatasi ukachungulia nyumba kule ndani, na skeli inazaliwa hapo dirishani tu, si kwenye printa wala si kwa ile amri ya SCALE. Nimeshaona kijana anaipunguza nyumba yote mara mia ndo anaiweka kwenye fremu, halafu mteja anaomba chumba kiongezwe nusu mita, basi hapo anaanza kulia.

Sasa kabla ya kufungua leiauti chukua kalamu ufanye hesabu ndogo. Kwa 1:100 nyumba yetu inakuwa milimita 144 kwa 117. Vipimo vinavyozunguka nje vinahitaji kama milimita 30 kila upande, kwa hiyo dirisha la ramani ya chini ni 204 kwa 177. Ramani ya kiwanja nataka ikae karatasi hiyohiyo, kwa 1:200 kiwanja kinakuwa 100 kwa 150, nikiacha nafasi kidogo dirisha ni 110 kwa 165. Fremu ya A3 naacha milimita 20 kushoto kwa ajili ya kutoboa na kufunga faili na 10 pande zingine, inabaki 390 kwa 277, nikikata ukanda wa 60 upande wa kulia kwa taito bloki inabaki 330. Jumlisha 204 na 110 unapata 314, inaingia na inabaki 16 ya kupumua. Ingegoma ningehamishia kiwanja karatasi ya pili, siyo kuibana skeli iwe 1:115, hiyo skeli haipo kwenye rula ya mtu yeyote.

Ukiingia leiauti anza na `Page Setup`, chagua `DWG To PDF.pc3`, karatasi chagua ISO full bleed A3, `Plot area` weka `Layout`, na skeli ya hapo ni 1:1. Narudia, moja kwa moja, maana karatasi ishakuwa saizi yake. Wakiona neno `Fit to paper` limetikiwa wengi wanaliacha, litoe. Kisha fremu:

```
RECTANG
20,10
@390,277
```

Ile @ ni kuhesabu kutoka kona ya kwanza, ndo 390 kwa 277 yetu. Halafu mstari wa kusimama kwenye 350 ndo ukanda wako wa taito bloki. Ndani ya huo ukanda usiandike riwaya. Jina la mwenye kiwanja, namba ya kiwanja na kitalu, mtaa na kata, jina la mchoro, aliyechora na aliyekagua, tarehe, namba ya karatasi kama 1 kati ya 3, na kijisehemu cha marekebisho A, B, C chenye tarehe zake. Acha na nafasi tupu ya mihuri, watu wanajaza ukanda wote kwa logo yao kubwaa halafu muhuri unagongwa juu ya jikoni. Vitu vya karatasi vinavyosomwa kwanza, yaani namba ya karatasi na jina la mchoro, viweke kona ya chini kulia ili ukikunja iwe A4 vionekane bila kuifungua.

Haya, madirisha. Andika `MVIEW` chora kiboksi cha 204 kwa 177, bonyeza mara mbili ndani yake, kisha:

```
ZOOM
1/100XP
```

Hiyo XP maana yake ni ukubwa ukilinganisha na karatasi, basi nyumba inakaa 1:100. Kama haiko katikati tumia `PAN` tu, isogeze.

Hapa ndo kuna shimo ambalo kila mwaka darasani wanatumbukia. Kuna mtu anachora kwa mita, ukuta wake ni 14.4 siyo 14400. Akienda kwenye ile orodha ya skeli akachagua 1:100 mchoro unapotea, anapiga kelele mwalimu ramani imefutika! Haijafutika, tazama vizuri kuna nukta katikati ya dirisha. Programu haijui mita, imechukua yuniti 14.4 ikagawa kwa mia ikapata milimita 0.144, nyumba nzima nyembamba kuliko wino wa kalamu. Mchoro wa mita kwenye karatasi ya milimita unahitaji kila mita ionekane milimita 10 kwa 1:100, kwa hiyo unaandika `10XP`, na kwa 1:200 ni `5XP`. Hujui mchoro uliopewa ni wa mita au milimita? Tumia `DIST` upime mlango wa chumba, ikija 900 ni milimita, ikija 0.9 ni mita. Sekunde tano tu.

Ukishaipata skeli piga dirisha kufuli hapohapo kabla hujaenda kunywa chai. Ukisahau, utakuja kubonyeza ndani urekebishe neno moja, kidole kinagusa gurudumu la mausi, skeli inakuwa 1:103 na kwa macho huoni tofauti yoyote, maandishi bado yanasema 1:100. Hilo ni baya kuliko mchoro uliopotea kwa sababu halijitangazi.

```
MVIEW
L
ON
```

halafu unagusa ukingo wa dirisha. Na ule ukingo wenyewe uweke kwenye leya, yaani tabaka la mchoro, isiyoprintiwa, la sivyo utatoka na viboksi vya ajabu kuzunguka ramani.

Dirisha la pili la kiwanja unafanya vilevile kwa `1/200XP`, ila lina mambo yake. Maandishi uliyoandika kwenye modeli kwa urefu wa 250 yanatoka milimita 2.5 kwenye dirisha la 1:100, yanasomeka vizuri, lakini hayohayo kwenye dirisha la 1:200 yanatoka 1.25, hapo mzee wa mtaa atahitaji miwani ya jirani. Mimi naandika maandishi ya kiwanja kwenye leya yake peke yake kwa urefu wa 500, halafu kwenye kila dirisha nagandisha leya zisizohusika kwa `VP Freeze`, yaani nazificha kwenye dirisha hilo tu. Hivyo dirisha la kiwanja linaonyesha mipaka, umbo la nyumba, shimo la choo, barabara na mshale wa kaskazini, halionyeshi makochi na sinki. Ni nyumba ileile moja kule modeli, haijachorwa mara mbili, ukihamisha ukuta unahama kwenye madirisha yote.

Kwa kuwa karatasi ina skeli mbili, kwenye taito bloki usiandike 1:100, andika "kama ilivyoonyeshwa", na chini ya kila mchoro andika skeli yake pamoja na saizi ya karatasi: 1:100 kwa A3. Hiyo A3 si urembo. Mchoro uliopangwa A1 ukiprintiwa A3 kila mstari unakuwa nusu, 1:100 inageuka 1:200 na maandishi bado yanadai 1:100, na hapa mjini mashine utakayoikuta stationari kwa kawaida inaishia A3. Ndo maana mimi nawaambia wapange A3 toka mwanzo kama nyumba inaingia. Halafu chora skeli ya mstari pembeni, kipande cha milimita 50 kilichoandikwa mita 5. Uzuri wake kikisinyaa kinasinyaa pamoja na nyumba, kwa hiyo bado unaweza kupimia.

Turudi kwa yule mama. Nilimwomba faili, mchoraji akamtumia pidiefu kwenye simu, nikaifungua kwenye kompyuta nikapima humo humo, ilikuwa sahihi kabisa, 144. Kwa hiyo mchoraji alipanga vizuri, karatasi ilisinyaa siku ya kuprinti, kile kidirisha cha kuprinti pidiefu kilikuwa kimeachwa kwenye `Fit`, printa ikapunguza kila kitu kama asilimia 3 ili ipate nafasi ya pembeni. Kinachotakiwa ni `Actual size`. Tukaprinti upya, lakini mchoraji nilimpigia akaongeza kwanza namba ya baraza na ule mstari wa mita 5 maana hakuwa nao. Ilipotoka tukaweka rula juu ya mstari, 50 kamili, baraza 36. Mama akaikunja akaondoka nayo, jioni fundi akaongeza mtaro sentimita 10, kwa bahati zege lilikuwa bado.