Mafunzo kazini hayafuti muda wa majaribio

"Nimeshafanya mafunzo kazini miezi sita, kwa hiyo nikiajiriwa hakuna tena majaribio."

Kwa kawaida si hivyo. Mkataba wa mafunzo huisha tarehe yake. Ajira ya muda maalumu ni mkataba mpya, na majaribio huanza upya kama mkataba huo umeyaweka. Tuseme umepewa miezi 12 yenye majaribio ya miezi 6: nusu nzima ya mkataba unaweza kuachishwa kwa notisi fupi. Kama kazi ni ileile chini ya msimamizi yuleyule, omba kabla ya kusaini kifungu kinachopunguza majaribio hadi mwezi 1, ukiambatanisha tathmini yako iliyosainiwa. Ahadi ya mdomo ya meneja, hata awe mwema, kwa kawaida haiingii kwenye mkataba.