Bila sukari si bila kalori: polioli katika hesabu ya siku

Dhana: Kilichoandikwa "bila sukari" hakiingii kwenye hesabu ya kalori.

Kwa kanuni za Ulaya, maneno hayo yanaruhusiwa bidhaa ikiwa na sukari isiyozidi gramu 0.5 katika kila gramu 100. Hayasemi lolote kuhusu mafuta, wala kuhusu kilichowekwa mahali pa sukari. Kwenye chokoleti, mara nyingi kilichowekwa ni maltitoli (E965), mojawapo ya alkoholi za sukari, ambazo lebo huziita polioli.

Utumbo mdogo huivunja maltitoli, tena si yote, kuwa glukosi na sorbitoli. Glukosi huingia damuni. Sorbitoli hufyonzwa polepole na kwa sehemu tu, na inayobaki hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa asidi ambazo mwili huzitumia pia. Nishati imepungua, haikupotea. Ndiyo maana kanuni za Ulaya huhesabu kilokalori 2.4 kwa gramu ya polioli, wakati sukari ni 4.

Chukua kipande cha gramu 30 chenye mafuta gramu 10, protini gramu 2 na kabohaidreti gramu 15, ambazo 12 kati yake ni polioli. Mafuta yanatoa kilokalori 90, protini 8, kabohaidreti 3 zilizobaki 12, na polioli karibu 29. Jumla 139. Zile gramu 12 zingekuwa sukari, jumla ingekuwa 158. Umeokoa 19 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati ya chokoleti imo kwenye siagi ya kakao, na hiyo haikuguswa. Anayekula vipande viwili kwa kuwa "ni vya dayati" ameingiza 278.

Dhana: Gramu za polioli hutolewa zote kwenye kabohaidreti.

Hapa ndipo daftari nyingi huharibika. Ukizitoa zote, kipande chetu kinasomeka 110. Ukiiachia programu ya simu izidishe kila kabohaidreti kwa 4, kinasomeka 158. Andika kilokalori za lebo kama zilivyo. Tena usiongeze 12 juu ya 15: kwenye lebo za Ulaya polioli tayari zimo ndani ya kabohaidreti.

Kwa mwenye kisukari anayepima insulini kwa gramu za kabohaidreti, desturi ni kuhesabu nusu ya polioli: 3 na 6, jumla 9. Aliyehesabu 3 tu ataona sukari yake imepanda kwenye kipimo na asijue imetoka wapi. Miili hutofautiana, hivyo kiwango chake akipange na daktari wake.

Erithritoli (E968), nayo ni polioli, iko peke yake. Karibu yote hufyonzwa na kutolewa kwa mkojo bila kubadilika, kwa hiyo Ulaya huihesabu kuwa kilokalori 0. Hiyo unaweza kuitoa yote.

Je, pakiti ikiandika "polioli" tu bila kutaja kiasi cha kila moja? Fanya hesabu kinyumenyume. Toka kwenye kilokalori za lebo, toa mafuta mara 9, protini mara 4, kabohaidreti zisizo polioli mara 4, na nyuzinyuzi mara 2. Kinachobaki kigawe kwa gramu za polioli. Ukipata karibu 2.4, humo hamna erithritoli ya maana. Ukikaribia 0, karibu yote ni erithritoli.

Dhana: Vipakiti vya kutia kwenye chai ndivyo vinavyonenepesha kimyakimya.

Sukralosi, kitia utamu kilichomo kwenye vipakiti vingi, ina utamu mara 600 hivi ya sukari, kwa hiyo kinachohitajika ni miligramu chache. Kipakiti hujazwa deksitrosi au maltodekstrini, ambazo ni kabohaidreti, ili kishikike, na gramu moja ya hizo ni kama kilokalori 4. Marekani inaruhusu kuandika 0 ikiwa kipimo kimoja kina chini ya 5. Vikombe vinne kwa vipakiti viwiliviwili vinafika 32. Viandike, lakini kwanza tazama maziwa: mililita 150 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta zina takriban kilokalori 90, na vikombe vinne vya chai ya maziwa ni 360. Ni wengi wanaoandika kipakiti na kuyasahau maziwa.

Dhana: Alkoholi za sukari ni pombe.

Sivyo. Jina linatokana na umbo la molekuli. Hamna ethanoli na hazileweshi. Zinachosumbua ni tumbo. Bidhaa ikizidi asilimia 10 ya polioli zilizoongezwa, Ulaya hulazimisha onyo kwamba kula kupita kiasi kunaweza kuharisha. Bamba zima la chokoleti yetu lenye gramu 100 lina polioli gramu 40, na likiliwa kwa mkupuo wengi huvimbiwa gesi au kuharisha. Erithritoli husumbua kidogo zaidi, kwa kuwa hufyonzwa kabla ya kuwafikia bakteria wa utumbo mpana.