Kanda ya Harusi Inayokimbia: Sikiliza Mvumo wa Umeme Kwanza

Mama mmoja wa Kibokoni alituletea kanda ya dakika 90 iliyorekodiwa kwenye taarabu ya harusi, nyumbani kwao, kwa redio kaseti ya mawe. Upande wa kwanza ulikuwa umeshaingizwa kwenye kompyuta na kijana wa jirani. Mama huyo alituwekea mwanzo, tukamsikia mamake akiimba vizuri tu. Kisha akasogeza hadi mwisho. "Sikilizeni nyinyi wenyewe wanangu. Mamangu hakuwa na sauti ya kitoto hivi."

Alikuwa na haki. Mwishoni mwimbaji alikuwa amepanda karibu nusu sauti nzima, na tabla zilikuwa zinakimbizana. Watu wengi hudhani kanda imeharibika au mashine ya kuchezea ni mbovu. Mara nyingi tatizo lilitokea siku ileile ya harusi. Mawe ya redio yalipoanza kufa, mota ilivuta utepe polepole kuliko kawaida, ambayo ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Leo utepe huo ukichezwa kwenye mashine yenye mwendo sahihi, yale yaliyoandikwa kwa kujikokota yanasomwa haraka, na sauti inapanda. Mawe yakizidi kuisha, wimbo unazidi kukimbia.

Kabla ya kuilaumu redio ya zamani, ichunguze mashine yako. Sisi hupima yetu kwa kanda maalumu yenye mlio mmoja wa mizunguko 3,150 kwa sekunde. Asiyekuwa nayo acheze kanda ileile mara mbili na kulinganisha: kama kasoro inahamahama, basi huenda ni mkanda wa mpira wa mashine yake uliolegea. Kama inarudi palepale kila mara, yaelekea imo ndani ya utepe.

Sasa utajuaje mwendo wa kweli ulikuwa upi? Sikio pekee halitoshi, kwa sababu fidla na udi huweza kutiwa sauti kumfuata mwimbaji, na hakuna anayekumbuka usiku ule walianzia wapi. Lakini kuna shahidi aliyekaa kimya kwenye kona ya rekodi: mvumo wa umeme. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde. Amplifaya ya bendi ile ilikuwa imechomekwa ukutani, na spika zake zilivuma kidogo, hasa kwenye mizunguko 100, ambayo ni mara mbili ya ule wa ukutani. Maikrofoni ya redio iliuchukua mvumo huo pamoja na wimbo. Kwa hiyo mvumo ukisomeka 106 badala ya 100, kanda inakimbia kwa asilimia 6, na asilimia 6 ndiyo hiyo nusu sauti.

Ndiyo maana namsihi kila mtu asianze kwa kuondoa mvumo. Wengi hufanya hivyo kwa sababu unaudhi, wakawa wamemfukuza shahidi kabla hajatoa ushahidi.

Tulitengeneza nakala ya faili, tukaipunguza hadi sampuli 8,000 kwa sekunde ili sauti za chini zionekane vizuri, kisha tukaifungua kwenye programu ya Audacity. Ukichagua sekunde thelathini hivi, ukaenda `Analyze > Plot Spectrum` na kuweka `Size` kuwa 65536, utaona kilele chembamba karibu na 100. Tuliona viwili. Kimoja kilikaa 100 kamili tangu mwanzo hadi mwisho. Hicho kilitoka kwenye nyaya za mashine ya kuchezea, hakina habari yoyote ya harusi. Cha pili kilitembea. Mwanzoni kilikuwa 100.4, dakika ya 20 kikafika 102, na dakika ya 45 kikawa 106. Huyo anayetembea ndiye wetu.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 100 kwa kile unachokisoma.

```
100 / 100.4 = 99.6%
100 / 102   = 98.0%
100 / 106   = 94.3%
```

Kwenye Audacity tuliongeza `Time Track` juu ya faili asili, si ile nakala iliyopunguzwa, tukabandika nukta hizo tatu kwenye dakika zake. Programu inajaza katikati yenyewe, na wimbo na sauti vinashuka pamoja kama utepe halisi ungefanya. Usitumie kifaa kinachobadilisha sauti peke yake bila mwendo. Kitaacha tabla zikikimbia vilevile. Baada ya kuhifadhi faili mpya tulipima tena, na kilele kilichokuwa kikitembea kikatulia kwenye 100. Upande uliokuwa wa dakika 45 sasa ni dakika 46 na robo hivi. Harusi imerudishiwa dakika yake moja.

Baada ya hapo ndipo tukagusa ule mlio wa "shhh", unaosikika kama viazi vinavyokaangwa chumba cha pili. Huo ni wa utepe wenyewe: chembe za sumaku hazijipangi sawasawa, na kaseti ni nyembamba na huenda polepole, kwa hiyo fujo ya chembe hizo husikika. `Noise Reduction` inahitaji kwanza kuonyeshwa "shhh" tupu. Usichukue kile kipande cha mwanzo chenye plastiki isiyo na sumaku, wala utepe ambao haujarekodiwa, kwa maana mlio wake ni tofauti. Sisi tulipata sekunde moja na nusu baada ya vigelegele kuisha na kabla ya fidla kuanza. Ilitosha.

Tukaweka desibeli 6, `Sensitivity` 6 na `Frequency smoothing` 3. Kijana wa jirani alikuwa ameweka desibeli 24 kwenye nakala yake, na "shhh" ilikuwa imekwisha kweli, ila nyuma ya wimbo kulikuwa na vijilio kama wadudu walio ndani ya chupa. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa kwenye maneno. Herufi "s" yenyewe ni mlio wa aina ya "shhh", na makali yake yako juu kabisa, mahali programu inapofyeka. Makali yakiondoka, "sindano" inakaribia kuwa "shindano", na katika mafumbo ya taarabu hayo ni matusi mawili tofauti.

Kipimo chetu ni kitufe cha `Residue`, kinachokusikilizisha kile kitakachotupwa. Kikisikika "shhh" peke yake, endelea. Ukisikia humo neno, au kishindo cha tabla, umekata nyama pamoja na mfupa, punguza. Binafsi naona afadhali kubaki na viazi kidogo vikikaangwa.

Kuna ambayo njia hii haiyawezi. Mtetemo wa haraka, sauti ikitikisika mara kadhaa katika sekunde moja, hauonekani kwenye kipimo cha sekunde thelathini. Sauti za juu zilizopotea kwa sababu hedi ya kuchezea haikukaa sawa na utepe hazirudi kwa programu. Lazima kanda ichezwe upya.

Upande wa pili wa kanda ile umeme ulikatika. Kelele zinasikika, mtu anaita, kisha injini inaanza kunguruma uani na mvumo unarudi ukiwa unayumba kati ya 96 na 103. Jenereta hupunguza mwendo kila mzigo unapoongezeka, kwa hiyo ushahidi wake haukubaliki. Upande huo tumepunguza "shhh" tu. Mwendo tumeuacha kama ulivyo, na kwenye jina la faili tumeandika hivyo.