Lenzi gani, tabaka gani? Maswali ya wanunuzi wa miwani na majibu yake

"Miwani yangu siku hizi haionyeshi vizuri. Nibadilishe lenzi niweke zile za kompyuta, au zile zinazobadilika rangi juani?"

Usibadilishe chochote kabla jicho halijapimwa. Tabaka linalopakwa juu ya lenzi hupunguza mng'ao, hukinga michubuko au huzuia miale fulani ya mwanga. Halirudishi uoni uliopungua. Hakuna tabaka, la bei yoyote, linalotibu jicho.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya nyumbani. Toboa karatasi ngumu kwa sindano nene, tundu la kama milimita 1. Vaa miwani yako, funika jicho moja, kisha kwa jicho lingine tazama kalenda iliyo ukutani ukiwa umesimama mita 3 au 4. Itazame kwanza bila karatasi, halafu kupitia tundu. Maandishi yakikaa sawa kupitia tundu, huenda namba ya miwani imebadilika, na lenzi mpya zitasaidia. Yasipokaa sawa, au yakazidi kufifia, shida huenda iko ndani ya jicho: mtoto wa jicho, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyoharibiwa na kisukari, au presha ya macho. Hapo pesa ya lenzi itapotea bure.

Hata hivyo, jaribio likienda vizuri usijipe cheti cha afya. Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni na kuuacha ule wa katikati hadi mwishoni. Mtu anaweza kusoma herufi zote ubaoni huku mshipa wa jicho unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa.

"Nilipimwa bure dukani kwa mashine ya kompyuta. Si inatosha?"

Haitoshi. Mashine ile hukisia namba ya miwani, basi. Kisio hilo linatakiwa lihakikishwe kwa kubadilishiwa lenzi moja moja huku ukisoma ubao na kusema ipi ni bora. Anayekuandikia namba moja kwa moja kutoka kwenye kikaratasi cha mashine ameruka nusu ya kazi. Kwa mtoto ni hatari zaidi: misuli ya jicho lake hukaza anapotazama ndani ya mashine, ikaonekana ana namba kubwa ya kutoa kuliko aliyonayo kweli. Mara nyingi mtoto anahitaji matone ya kulegeza misuli kabla ya kupimwa.

Lakini kubwa ni hili: mashine ya namba haiangalii mshipa wa jicho wala retina. Kila wiki wanafika kliniki watu waliobadilisha miwani mara mbili au tatu, duka moja hadi jingine, kila mara wakiuziwa lenzi "bora zaidi", na mara zote hakuna aliyewaangalia ndani ya jicho. Presha ya macho mara nyingi haiumi. Haiwashi. Uoni ulioondoka haurudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Matibabu hulinda kilichobaki tu. Ukiwa na miaka 40 na zaidi, au mzazi, kaka au dada yako anayo, kapimwe mshipa na presha ya jicho kwenye kliniki ya macho ya hospitali, kisha ndipo uende dukani na cheti chako cha namba ya miwani.

Na mtu mzima ambaye namba yake inabadilika kila baada ya miezi michache apime sukari. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya ndani ya jicho nayo hubadilika, na miwani ya mwezi huu haitamfaa mwezi ujao. Sukari itulie kwanza kwa wiki kadhaa, kisha apimwe upya.

"Duka moja limeniambia lenzi ya 1.56, lingine 1.67 kwa bei karibu mara tatu. Ya pili ndiyo bora?"

Namba hizo si madaraja ya ubora. Zinaeleza lenzi inapinda mwanga kwa nguvu kiasi gani. Inayopinda zaidi hutengenezwa ikiwa nyembamba zaidi kwa namba ileile ya miwani. Inaonyesha vilevile.

Tuchukue cheti cha −3.50 macho yote mawili. Lenzi ya kutoa huwa nene ukingoni. Kwenye fremu pana, tuseme milimita 25 kutoka katikati ya lenzi hadi ukingo, lenzi ya 1.56 itakuwa nene ukingoni kuliko katikati kwa karibu milimita 2. Ya 1.67 itazidi kwa karibu milimita 1.6. Yaani umelipa mara tatu kwa chini ya nusu milimita. Sasa rudi kwenye ile ya 1.56, ila chagua fremu ndogo, milimita 21 kutoka katikati hadi ukingo: unene wa ziada unashuka hadi karibu milimita 1.4. Fremu ndogo imefanya kazi kuliko lenzi ya gharama, na wauzaji wengi hawatakwambia.

Kwa namba isiyozidi 2, ya 1.50 inatosha kabisa. Kati ya 2 na 4, chukua 1.56 au 1.60. Kuanzia 6 kwenda juu ndipo 1.67 inapostahili bei yake.

Watoto, mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma, na mtu mwenye jicho moja tu linaloona, hao wavae polikaboneti, plastiki ambayo haivunjiki kirahisi. Mtoto asivalishwe lenzi za kioo, hata zikiwa za zawadi. Na fundi aelewe kwamba miwani ya kusomea haichukui nafasi ya kinga ya kazini.

"Nitajuaje kama tabaka la kuzuia mng'ao lipo kweli? Na hizo za mwanga wa bluu zina faida?"

Shika lenzi chini ya taa ya tyubu na utazame taswira ya taa juu yake. Ikiwa nyeupe kama taa yenyewe, hakuna tabaka la kuzuia mng'ao. Likiwepo, taswira hufifia na kuwa ya kijani au ya zambarau. Lenzi ya 1.50 isiyo na tabaka hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga, ya 1.67 hurudisha zaidi, kwa hiyo lenzi nyembamba bila tabaka hili ni kununua nusu. Anayeendesha gari usiku ataona tofauti siku ya kwanza.

Za mwanga wa bluu ni habari nyingine. Muuzaji anamulika kalamu yenye taa ya bluu kwenye kadi, anaweka lenzi katikati, doa linatoweka, mteja anashangaa. Kilichothibitishwa hapo ni kwamba lenzi imezuia taa ya kalamu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kuwa lenzi hizi zinapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta katika muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Macho yanachoka kwa sababu ukikodolea skrini unapepesa kidogo na jicho linakauka. Pepesa, inua macho utazame mbali kila baada ya dakika 20, sogeza skrini umbali wa mkono.

Lenzi zinazobadilika rangi huchochewa na miale ya juani, si na mwangaza wenyewe. Kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, ndiyo maana dereva hulalamika kuwa "hazifanyi kazi". Joto nalo huzipunguzia weusi, kwa hiyo mchana wa Mombasa au Dar es Salaam usitegemee ziwe nyeusi kama miwani ya jua. Kwa miwani ya jua yenyewe, tafuta maandishi UV400, yaani inazuia miale hiyo ya juani. Weusi peke yake si kinga: lenzi nyeusi isiyozuia miale hupanua mboni na kuiachia miale njia.

"Miezi minne tu, lenzi zimejaa mistari. Nimeuziwa feki?"

Inategemea mistari gani. Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, zilizoenea lenzi nzima, ni joto: miwani iliachwa kwenye dashibodi au ilioshwa kwa maji ya moto. Plastiki ilitanuka kuliko tabaka, tabaka likapasuka. Mikwaruzo iliyojaa katikati ni kufuta kikavu kwa shati au kanga yenye vumbi. Tabaka linalobanduka kama ngozi kuanzia ukingoni ndani ya miezi michache, bila kuunguzwa, mara nyingi ni kasoro ya lenzi. Rudi dukani na risiti.

Osha kwa maji ya bomba na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kisafi. Spiriti na vitakasa mikono viache.

"Nifanyeje nisipunjwe kwenye duka la bei nafuu?"

Bei nafuu si kosa. Omba bei zitenganishwe: fremu, lenzi, tabaka. Omba kuona bahasha za lenzi kabla hazijakatwa. Nje huandikwa namba, aina kama 1.56, na herufi kama HMC, maana yake tabaka gumu pamoja na la kuzuia mng'ao. Siku ya kuchukua, waambie wasome lenzi kwenye mashine mbele yako na ulinganishe na cheti.

Cheti pia kiwe na umbali kati ya mboni zako, kwa milimita. Duka likikata lenzi bila kupima umbali huo, katikati ya lenzi hakukutani na katikati ya jicho. Kwa −3.50, lenzi kila upande ikihama milimita 3 inaupinda mwanga kama prizimu ya nguvu 1 kwa kila jicho. Matokeo ni kichwa kuuma na macho kuvutana, na muuzaji anakwambia "utazoea". Wiki moja ikipita hujazoea, irudishe ipimwe.

"Jicho ni jekundu, linauma na mwanga unanichoma. Nikivaa miwani nyeusi kwa muda?"

Hapana. Miwani nyeusi inaficha dalili huku jicho linaharibika. Nenda hospitali leo. Nenda leo vilevile ukiona miale kama radi, vidoti vyeusi vingi vilivyokuja ghafla, pazia linalofunika upande mmoja, au jicho lililopoteza uoni ghafla hata bila maumivu. Usipitie dukani kwanza kuuliza lenzi. Na usitie matone yaliyobaki ya jirani: baadhi yana steroidi, na hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho. Chukua kichupa hicho, pamoja na miwani unayovaa, uvionyeshe kliniki.