Tarehe zikilingana, jumla bado inaweza kuvimba

"Nikiunganisha vyanzo viwili kwa tarehe, na tarehe zote zinalingana, jumla zitabaki zilezile."

Dhana hii si sahihi: kinachoamua jumla ni idadi ya mistari iliyopo kwa kila tarehe. Chukua duka la mtandaoni. Jedwali la matangazo lina mstari mmoja kwa siku: tarehe 4, shilingi 20,000. Jedwali la oda lina mstari kwa kila oda, na siku hiyo ziliingia oda 3. Ukiyaunganisha, kila oda inapata nakala ya zile 20,000. Dashibodi ikijumlisha, gharama ya matangazo inasomeka 60,000, ilhali mauzo ni sahihi kabisa. Ndiyo maana kosa hili humpita hata mtu makini: nusu ya ripoti ni sahihi, na hakuna onyo lolote.

Kwa siku moja tu, linganisha jumla ya matangazo kutoka chanzo chake pekee na ile ya muunganiko. Gawanya kubwa kwa ndogo. Ukipata idadi ya oda za siku hiyo, tatizo ni hili.

Dawa ni kujumlisha oda kwa siku kwanza, ndipo uunganishe. Katika Looker Studio, toa namba ya oda kwenye muunganiko, ubakishe tarehe na mauzo. Wengine hujumlisha viwango visivyojirudia tu, lakini siku mbili zenye gharama sawa zitahesabiwa kama moja. Na jedwali la matangazo liwe upande wa kushoto, la sivyo siku isiyo na oda itapotea pamoja na gharama yake.